Sehemu ya kwanza ya karatasi ni ya mshindani

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, Ruaha Mbuyuni, miguu yote miwili ikiwa na tope la shamba la vitunguu. Kijana wetu wa mauzo alichuchumaa mbele yake akiwa na kurasa tatu za rangi za kulinganisha pampu zetu na za mshindani, nilizochapisha mimi mwenyewe ofisini Iringa. Mimi nilisimama nyuma kidogo, karibu na gari. Salamu zilikwenda vizuri, maji ya kunywa yaliletwa, mazungumzo ya pampu ya sola yakaanza. Kijana akafika mstari wa tisa wa jedwali langu na kuusoma kwa sauti: "Wenzetu wale, mzee wangu, wanakupa waranti ya mwaka mmoja tu. Sisi tunakupa miezi kumi na minane."

Mzee hakujibu. Aliinuka, akaenda nyumba ya jirani, akarudi na kadi ndogo ya plastiki. "Soma hapa, mjukuu wangu." Kadi ilikuwa ya pampu ya kampuni ile ile tuliyokuwa tunaisema, imenunuliwa miezi michache nyuma, na imeandikwa waranti miaka miwili. Kijana alisoma, akanyamaza. Mzee akauliza kwa upole kabisa: "Kama hili hulijui, hayo mengine umeyajuaje?"

Mambo mengine yote kwenye zile kurasa tatu yalikuwa kweli, au karibu na kweli. Hayakutusaidia. Mauzo yalikufa kwenye mstari wa tisa, na kijana yule alikaa wiki mbili bila kuthubutu kumtaja mshindani mbele ya mteja yeyote. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyeandika jedwali, na taarifa ile ya waranti niliitoa kwenye kipeperushi cha msimu uliopita.

Nataka kueleza jinsi tulivyoiandika upya ile karatasi, kwa sababu hali yetu ni ya wengi. Sisi ni kampuni ndogo: watu wanne wa mauzo, mafundi watatu, karakana moja Ipogoro. Mshindani wetu ana matawi mikoa mingi, ana matangazo redioni, ana mkopo wa malipo ya awamu kwa simu. Ana nguvu kuliko sisi, na hilo lilipaswa kuwa mwanzo wa karatasi. Jedwali langu la zamani lilikuwa na mistari ishirini na miwili. Upande wetu alama za vema zilijaa, upande wao mikasi imejaa. Mkulima akiona karatasi ya namna hiyo huku barabara nzima ya Morogoro hadi Iringa ina mabango ya yule anayeambiwa hafai, anajua moja kwa moja kwamba anadanganywa.

Kwanza, kwa nini tunashindwa

Kabla ya kuandika neno lolote nilichukua daftari la mauzo na kutafuta watu tuliowatembelea msimu uliopita ambao mwishowe walinunua kwa mshindani. Nilipata kumi na wawili wenye namba za simu. Safu ya sababu ilikuwa imejazwa na watu wetu wa mauzo, na katika kumi na wawili hao, tisa waliandikiwa neno moja: bei.

Niliwapigia mimi, si yule aliyewakosa. Mtu hawezi kumwambia kijana aliyekuja kwake mara tatu kwamba hakumwamini. Atamwambia bei, kwa sababu bei haimuumizi mtu. Nilianza kila simu kwa kusema kwamba siuzi kitu leo, pampu umeshanunua na naomba ikufae, nataka tu kujifunza. Kisha swali moja: "Siku ile ulipoamua, ilikuwaje?" Sikuuliza kwa nini. Ukiuliza kwa nini, mtu anatafuta sababu nzuri ya kukupa. Ukiuliza siku yenyewe ilikuwaje, anakusimulia: nani alikuwepo, alikuwa na shilingi ngapi mfukoni, nani alimpigia simu.

Watano walisimulia habari ya malipo. Bei yetu ya taslimu ilikuwa chini kidogo ya ile ya wenzetu, lakini hawakuwa na taslimu yoyote siku ile, na yule mwingine alitaka kianzio tu. Wanne walisimulia habari ya jirani: waliona pampu inafanya kazi shambani kwa mtu wanayemfahamu, wakataka ile ile. Wawili walisema tulichelewa. Tuliahidi kurudi na hesabu ya gharama, tukarudi siku ya nne, wakati mwenzetu alishafunga paneli. Mmoja tu ndiye aliyezungumzia bei kama bei.

Simu zile zilichukua siku mbili na zikatupa karibu nusu ya karatasi mpya. Zilitupa na jambo la pili: si kila unaposhindwa panatibika kwa maneno. Hakuna sentensi ya kumpa muuzaji ambayo itafuta siku nne za kuchelewa. Hilo tulilitatua kwa kumpa kila muuzaji fomu ya kupimia kisima na jedwali la bei ili atoe hesabu pale pale shambani. Suala la jirani nalo halina hoja ya kulijibu. Jibu lake ni jirani mwingine. Tukaandaa orodha ya wateja wetu watatu kwa kila eneo, tuliowaomba ruhusa kwanza, ambao wako tayari mgeni aje aone maji yakitoka.

Pipa, geji na saa ya simu

Nusu ya pili ilitaka vipimo. Hapa ndipo karatasi nyingi za kulinganisha zinapoharibika, kwa sababu mwandishi anakaa na vipeperushi viwili mezani na kunakili namba.

Kipeperushi cha pampu huwa na namba mbili kubwa: lita nyingi kabisa kwa saa, na urefu mkubwa kabisa ambao pampu inaweza kupandisha maji, urefu ambao mafundi huuita hedi. Namba hizo mbili hazitokei pamoja hata siku moja. Lita za juu kabisa unazipata pampu inapomwaga maji bila kuyapandisha popote. Na kwenye ule urefu wa juu kabisa, maji yanasimama ndani ya bomba na hayatoki hata tone. Pampu yao iliandikwa lita 6,000 kwa saa na mita 60. Yetu lita 5,000 na mita 70. Muuzaji wao alikuwa anasema "yetu inatoa maji mengi", wetu anasema "yetu inafika juu zaidi", na mkulima katikati haambiwi kitu chochote kinachohusu kisima chake.

Tulikwenda dukani kwao, tukanunua pampu yao kwa risiti kwa jina la kampuni yetu. Nasisitiza risiti na jina. Kuna watu hujifanya wateja ili kuchota habari kwa mshindani, au humtuma ndugu aombe hesabu ya uongo. Sikutaka taarifa hata moja ambayo muuzaji wangu akiulizwa "umeipata wapi?" atashindwa kujibu.

Karakana tukatega tangi la maji, pampu ndani yake, na bomba la kutolea likafungwa koki na geji ya presha. Huhitaji kisima cha mita 30 ili kujua pampu inafanyaje mita 30. Ukibana koki mpaka geji isome bari 3, pampu inasukuma kama iliyo kwenye mita 30 hivi, kwa kuwa bari moja ni sawa na takriban mita 10 za maji. Paneli zilikuwa zile zile kwa pampu zote mbili, saa sita mchana, anga jeupe. Tulizipokezana moja baada ya nyingine, mara tatu kila moja, na wingu lilipopita tulisimamisha na kuanza tena. Maji yalijaza pipa la lita 200, na fundi alishika saa ya simu.

Kwenye bari 3, pampu yao ilijaza pipa kwa dakika 3, yaani lita 4,000 kwa saa. Yetu ilichukua dakika 3 na sekunde 10, karibu lita 3,800. Tulitazamana. Kwa miaka miwili tulikuwa tunabishana na watu hawa juu ya nguvu ya pampu, na kwenye kina cha visima vingi tunavyouzia tofauti ni sekunde kumi kwa pipa, na wao ndio walio mbele.

Kisha tukabana koki hadi bari 5. Yao ilijaza pipa kwa dakika 7 na nusu. Yetu kwa dakika 4 na sekunde 48. Hiyo ni lita 1,600 dhidi ya 2,500 kwa saa. Hapo tulikuwa na kitu cha kusema, na tulijua mpaka wake. Tulijaribu hatua za katikati na tukaona pampu zinapishana mahali fulani kati ya mita 30 na 35. Chini ya hapo hatuna hoja. Kuanzia mita 40 kwenda juu tunayo, na inakua kadiri kisima kinavyozidi kuwa kirefu.

Sasa, mita 40 za nini? Hili lilitutia hasara zaidi ya mara moja. Mkulima akisema kisima chake ni cha mita 40, anasema kina cha shimo. Pampu haipandishi shimo, inapandisha maji. Kisima cha yule mzee wa Ruaha Mbuyuni kilikuwa cha mita 40 kweli, lakini maji yalikuwa yamesimama mita 18 kutoka juu. Ukisukuma, maji hushuka kisimani. Kwake yalishuka hadi mita 24 na kutulia hapo. Tangi lilikuwa kwenye mnara wa mita 4. Ongeza kama mita 2 kwa maji yanavyokwaruzana ndani ya bomba. Jumla ni mita 30. Mahitaji yake yalikuwa ekari moja ya vitunguu, ambayo wakati wa joto, ukikadiria milimita 5 za maji kwa siku, inataka kama lita 20,000. Pampu yao ingezitoa kwa saa 5 za jua kali, yetu kwa saa 5 na robo. Kwa maneno mengine, hata bila ile aibu ya waranti, mbele ya mzee yule hatukuwa na la kuzungumza kuhusu pampu. Tulipaswa kuzungumza mambo mengine kabisa.

Ilivyokaa kwenye ukurasa

Karatasi mpya ni ukurasa mmoja wa A4, upande mmoja. Kurasa tatu hazisomeki juu ya pikipiki, na muuzaji anayepekua mbele ya mteja ameshapoteza nusu ya heshima yake.

Sehemu ya kwanza kabisa, juu, inaitwa *Wanapotuzidi*. Mwenye kampuni alipoiona aliniuliza kama nimechoka na kazi. Nikamwambia kuhusu kadi ya plastiki chini ya mwembe. Sehemu ile ina mistari minne: waranti yao ni miaka miwili, yetu miezi kumi na minane, wana malipo ya awamu, sisi hatuna, pampu yao inatoa maji mengi kidogo chini ya mita 30, wana duka karibu kila mji wa barabara kuu. Kila mstari una sentensi ya kusema, na sentensi hiyo inaanza kwa kukubali. Mteja akisema, "Wale wana waranti ya miaka miwili," muuzaji anasema: "Ni kweli, mzee wangu, wametuzidi miezi sita. Ukinunua kwao, hakikisha unaondoka na kadi iliyogongwa muhuri." Anaishia hapo. Haongezi "lakini".

Neno hilo tulilipigania sana. Vijana walilitaka. Walisema ukikubali bila kuongeza kitu umemkabidhi mteja. Tukajaribu kwa mazoezi, mimi nikiwa mkulima, mwenye kampuni akiwa muuzaji wa mshindani, nao wakipokezana. Kila walipoongeza "lakini", mimi kama mkulima nilihisi nimevutwa shati, na nikarudi kwenye waranti. Walipokubali na kunyamaza, mimi mwenyewe ndiye niliyehamia jambo lingine. Waliliona kwa macho yao, hawakuhitaji kulazimishwa.

Sehemu ya pili ni fupi: *Tulipo sawa, usibishane.* Nguvu ya pampu kati ya mita 30 na 35 imo hapo. Aina ya paneli imo hapo. Muuzaji akisikia mteja anasifia paneli za mshindani, anasema ni nzuri, na ni sawa na zetu.

Sehemu ya tatu ni *Tunapowazidi, na lini.* Maneno "na lini" ndiyo yenye kazi. Kila ubora umefungwa na sharti lake. Pampu yetu hutoa maji zaidi *ikiwa jumla ya hedi inazidi mita 40*. Fundi anafika ndani ya siku mbili *ikiwa shamba liko kati ya Iringa mjini na Ruaha Mbuyuni*. Nje ya hapo hatuahidi. Vipuri vya mota viko karakana Ipogoro, wakati wao walikuwa wanapeleka pampu mbovu Dar es Salaam. Kwa mkulima wa vitunguu hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Kitunguu kikiwa kinajaza, wiki mbili bila maji ni msimu umekwenda. Kijana wetu mmoja hulisema vizuri kuliko nilivyoliandika: "Mama, pampu zote huharibika, ya kwetu na ya kwao. Tuulizane ikiharibika mwezi wa tisa, itarudi lini kisimani."

Sehemu ya nne haina madai yoyote, ina maswali matano tu. Maji yamesimama mita ngapi na yanashuka hadi wapi ukisukuma? Unamwagilia ekari ngapi, zao gani? Pesa yako inaingia lini? Nani atakuwa karibu na pampu ikisumbua? Umeona pampu ya nani ikifanya kazi? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayomwambia muuzaji aende sehemu ya tatu, au aende sehemu ya mwisho.

Sehemu ya mwisho inaitwa *Mwache aende.* Ina hali mbili tulizokubaliana, na mwenye kampuni akatia sahihi kwamba hakuna atakayelaumiwa kwa kuzifuata. Ya kwanza, hedi iko chini ya mita 30, mteja hana taslimu, na ana kipato cha kila mwezi. Ya pili, shamba liko mbali kiasi kwamba fundi wetu hawezi kufika ndani ya siku nne na mshindani ana duka karibu. Hapo muuzaji anasema wazi: "Kwa hali yako, wale wenzetu wanakufaa zaidi." Anaacha namba ya simu na kuondoka, asubuhi haijaisha, na ana muda wa kwenda kwa mtu mwingine.

Habari ya malipo ya awamu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vishawishi vilipo vingi.

Masharti yao kwa pampu hii yalikuwa kianzio shilingi 400,000, kisha 120,000 kila mwezi kwa miezi 24. Ukijumlisha ni 3,280,000. Bei yetu ya taslimu ilikuwa 2,300,000. Vijana walipoiona tofauti ya 980,000 walitaka iandikwe juu kwa wino mwekundu: *wanakuibia karibu milioni*.

Nilikataa, na si kwa ustaarabu tu. Yule mkulima hana milioni mbili na laki tatu. Ana laki nne. Kumwambia angeokoa karibu milioni kama angekuwa na pesa ambayo hana ni kumkumbusha umaskini wake, na hakuna mtu anayenunua kwa anayemkumbusha umaskini wake. Tena si wizi. Wale wamemkopesha, wakabeba hatari ya asiyelipa, na bei ya mkopo imo humo. Na sheria ya ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kauli za kupotosha katika biashara. Kuandika "wanakuibia" kwenye karatasi ya kazi ni kujitafutia kesi.

Lakini lile swali la tatu, pesa yako inaingia lini, lilitufungulia mlango wa kweli. Mwenye duka au mtumishi wa halmashauri mwenye shamba pembeni ana pesa kila mwezi, na awamu za kila mwezi zinamkaa vizuri. Mkulima wa vitunguu tu hana pesa kila mwezi. Ana pesa akishavuna, kisha miezi ya kununua mbolea na kulipa vibarua bila kuingiza kitu. Awamu ya mwezi wa tatu inamkuta pesa yote iko ardhini. Pampu nyingi za mkopo zimefungwa kifaa kinachoizima pampu malipo yakichelewa. Kwa hiyo karatasi inampa muuzaji swali la kumwachia mteja, si dai: "Kabla hujatia sahihi, waulize: nikichelewa awamu katikati ya msimu, pampu inafanya nini? Na usome kwenye mkataba wenyewe." Muuzaji haruhusiwi kusema pampu itazimwa. Masharti hubadilika, na likibadilika hilo tutarudi chini ya mwembe.

Baada ya swali hilo ndipo anapotaja njia yetu. Hatuna mtaji wa kukopesha, ila tulizungumza na SACCOS mbili ambazo wakulima wengi ni wanachama wake, zinazokubali marejesho baada ya mavuno. Mwanachama mwenye akiba anaweza kukopa huko na kutulipa taslimu. Kwa asiye mwanachama njia hiyo haipo, na karatasi inasema hivyo hivyo.

Tarehe

Pembeni mwa kila mstari unaomtaja mshindani kuna maandishi madogo: tumeipata wapi, na lini. "Kadi ya waranti, imesomwa tarehe fulani." "Kipimo chetu, karakana." "Mteja wa Ilula, ametuonyesha mkataba." Mstari wenye zaidi ya siku tisini bila kuhakikiwa hausomwi kwa mteja, hata kama muuzaji anaamini ni kweli. Juu kulia kuna tarehe ya toleo na jina la anayehusika, ambalo ni langu. Zamani ilikuwa karatasi ya ofisi, na cha ofisi hakina mwenyewe.

Vijana ndio macho yetu. Akisikia jambo jipya kwa mteja hasahihishi karatasi yake mwenyewe, ananitumia picha kwa wasapu: picha ya kadi, ya risiti, ya tangazo. Maneno ya "nimesikia" nayaweka kwenye daftari na kusubiri. Mara mbili nilisikia kwamba mshindani anaacha kuuza pampu za visima virefu. Hakuna aliyeleta picha, na hadi leo wanaziuza.

Tulikubaliana kwamba karatasi haipewi mteja. Ilivuja hata hivyo, ndani ya mwezi mmoja. Mteja aliipiga picha ikiwa juu ya tenki la pikipiki, ikafika kwa mtu anayefanya kazi kwa mshindani, naye akampigia mwenye kampuni wetu. Nilikaa ofisini nikisubiri matusi. Mtu yule alisoma mstari kwa mstari na kuuliza jambo moja tu: kile kipimo cha mita 50 tulikifanyaje? Akaelezwa, pipa, geji na saa. Akasema sawa. Tangu siku hiyo kanuni yangu ya kuandika mstari ni hiyo: nisiandike nisichoweza kumsomea yeye mwenyewe kwa simu.

Miezi sita baadaye nilipiga tena zile simu kwa waliotukimbia. Safari hii hakukuwa na aliyesimulia kuchelewa. Malipo yalibaki juu, kama nilivyotarajia. Kwenye visima virefu upande wa milimani tulikuwa tunashinda zaidi ya tunavyoshindwa, na kwenye visima vifupi vya bondeni tulikuwa tunashindwa kama zamani, ila haraka, bila kupoteza safari tatu kwa mteja mmoja. Yule kijana wa Ruaha Mbuyuni ndiye aliyeuza pampu nyingi za visima virefu kuliko wote. Huwa anaanza na waranti yeye mwenyewe, kabla mteja hajaiulizia.

Wiki iliyopita, saa moja asubuhi, aliniletea picha. Kontena la bluu pembezoni mwa barabara, Ilula, mafundi wawili wanafunga bango la mshindani. Nikaikuza kwa vidole ili nisome maandishi: *Karakana na vipuri*. Si mbali na kwetu. Nikawasha kompyuta, nikafungua ukurasa, nikaenda sehemu ya tatu. Mstari wa vipuri, ule mzito kuliko yote, nikaukata na kuupeleka sehemu ya pili, nikaandika pembeni *picha ya Ilula* na tarehe ya siku ile. Nilichapisha nakala nne, na kabla ya saa tatu nilikuwa nimewapigia vijana wote wanne wachane zile za zamani.